Kusoma ubao wa nauli kwenye stesheni za Tokyo

"Nipo Shibuya, naenda Asakusa. Ule ubao juu ya mashine una namba mbilimbili kila stesheni. Nalipa ipi?"

Mkuu, anza na stesheni uliyosimama, imepakwa rangi tofauti na nyingine. Ubao huo ni wa hapo Shibuya tu. Ukifika kwingine, bei zinabadilika. Fuata laini hadi Asakusa. Namba kubwa ni ya mtu mzima, ndogo ni ya mtoto, kwa hiyo wewe lipa yen 260.

Tokyo Metro, kampuni ya treni hiyo, hawatozi kwa kanda, wanahesabu kilomita. Hadi 6 ni yen 180, 7 hadi 11 ni 210, 12 hadi 19 ni 260. Shibuya hadi Asakusa ni kilomita 14.2, inahesabiwa 15. Ndiyo maana stesheni kadhaa zinazofuatana zina bei moja, halafu ghafla inapanda.

Angalia pia ni ubao wa kampuni gani. Treni za JR na Toei zina nauli zao.

Ukichanganyikiwa, kata tiketi ya 180. Ukishuka, usijaribu geti kwanza, litakufungia. Kuna mashine ya kuongezea nauli pembeni, unaweka 80 zilizobaki. Hakuna faini.