Zimenunuwa au zimenunuliwa?

Nimebandika ghalani: "Korosho zote zimenunuwa." Karani mwenzangu anataka "zimenunuliwa". Nani kapatia? (Newala)

Karani kapatia. Herufi w peke yake inatosha pale ambapo kuna konsonanti kabla ya a ya mwisho: pima, pimwa, uza, uzwa. Nunua, bangua na chukua zinaishia kwa irabu mbili. Tamka "nunua", kisha "nunuwa": sikio halipati tofauti, na msomaji wa tangazo lako ataona korosho zenyewe ndizo zilizokwenda kununua! Kwa hiyo tunaweka -liw-: nunuliwa, banguliwa. Hiyo l haikubuniwa. Ni ya shina la zamani, nasi tuliidondosha. Waganda bado husema kuzaala. Sisi tunasema kuzaa, lakini l inarudi katika zaliwa.

Ila kuna mtego. "Korosho zimenunuliwa" ni kutendwa, "mtoto amenunuliwa korosho" ni kutendewa, na umbo ni lilelile. Kwa pika tunatofautisha: pweza amepikwa, mgeni amepikiwa. Kwa nunua, tazama kiima ni kitu kilichonunuliwa au ni mtu aliyenunuliwa kitu.

Ni "tolewa" au "toliwa"? (Kilwa Masoko)

Tolewa. Irabu ya shina ikiwa e au o, andika -lew-: ondolewa, pokelewa. Ikiwa a, i au u, andika -liw-.

Je, naweza kuandika "mpaka wa shamba umepiganwa"? (Mikindani)

Hapana, andika "umepiganiwa". Katika pigana, wanaopiga ndio haohao wanaopigwa. Hakuna mtendwa aliyebaki pembeni ambaye w ingemleta mbele. Mpaka unaingia kwa njia ya -i-: piga, pigana, pigania, piganiwa. Angalia mpangilio: pig-an-i-w-a. Hapa -an- imekaa karibu na shina, na w inakuja mwisho kabisa, kabla ya a. Ndivyo ilivyo pia katika piganishwa.

Mwanafunzi kaandika "Juma alipigana na Hamisi", kumbe anataka kusema Hamisi ndiye aliyempiga. Nimsahihisheje? (Lindi)

Kinachomchanganya ni "na", maana inafuata maumbo yote mawili. Mwambie aunganishe majina yaanze sentensi: "Juma na Hamisi walipigana." Maana ikibaki ileile, hiyo ni -an-, na kila mmoja alirusha ngumi. Kisha ajaribu kuigeuza: "Hamisi alimpiga Juma." Kama hilo ndilo alilokusudia, basi anahitaji w: "Juma alipigwa na Hamisi." Hapo "na" inamtaja mtendaji, na unaweza hata kumwondoa: "Juma alipigwa" inajitosheleza. "Juma alipigana" bado inamwacha msomaji akiuliza, na nani?