Mstari kwenye picha ya grafu: soma mizani kwanza

Wewe unayeanza kazi ya takwimu, mara nyingi utaletewa grafu ikiwa picha ya simu tu, bila data. Chukua mfano wa Old Faithful, chemchemi ya Yellowstone, Marekani, inayorusha maji moto kama zile za Ziwa Bogoria. Data yake huja pamoja na programu ya takwimu iitwayo R: miruko 272. Mhimili wa chini ni muda wa mruko, wa wima ni muda wa kungoja mruko unaofuata, yote kwa dakika. Kila kidoto ni mruko mmoja, na mstari umepitishwa katikati ya vidoto kuonyesha mwelekeo wao.

Usikisie mteremko kwa jicho. Picha ikipigwa kwa upande, au mizani ikivutwa, mstari uleule huonekana mkali au mlegevu. Chagua sehemu mbili juu ya mstari wenyewe, si kwenye vidoto. Kwenye dakika 2 mstari unasoma kama 55, kwenye dakika 4 kama 76.5. Tofauti ya 21.5 ukiigawa kwa 2 unapata 10.75. Kwa hiyo mruko uliozidi mwingine kwa dakika moja ulifuatiwa, kwa wastani, na kungoja kwa dakika 11 hivi zaidi. Andika "ulifuatiwa na", usiandike "ulisababisha". Sababu inaweza kuwepo, maana maji mengi yakitoka huchukua muda kujaa na kupata moto tena, ila hayo tunayajua kutokana na jiolojia. Vidoto havikuonyeshi.

Kosa nililolifanya mwanzoni, na ninaloliona bado kwa wengi, ni kusoma namba ya kuanzia, yaani thamani ya mstari kwenye sifuri ya mhimili wa chini, pale mstari unapogusa ukingo wa kushoto wa grafu. Hapa ukingo huo uko kwenye 1.5, si kwenye sifuri, na utasoma karibu 50. Rudi nyuma kwa hesabu: 55 − 2 × 10.75 = 33.5. Hata hiyo usiipe maana. Mruko mfupi kabisa kwenye data ni dakika 1.6, na mruko wa dakika sifuri si mruko. Namba hiyo inashikilia mstari mahali pake tu.

Sasa r, kipimo cha jinsi vidoto vinavyoufuata mstari ulionyooka, kuanzia −1 hadi 1, ambayo hapa ni 0.90. Inavutia, lakini tazama vidoto kabla hujaisifu. Vimekaa makundi mawili: miruko ya dakika 2 hivi na ya zaidi ya 4, katikati karibu patupu. Sehemu kubwa ya hiyo 0.90 inatokana na umbali kati ya makundi. Ukipima ndani ya kundi moja, r inashuka chini ya 0.5. Na hata ukiutumia mstari wote kukadiria, vidoto vingi vinapishana nao kwa dakika 6 hivi juu au chini, vingine hata 12. Mgeni ukimwambia "dakika 76", mwambie pia afike mapema.