Mmoja wetu kasafiri mwezi mzima, umeme na intaneti tunagawanaje?

"Tunakaa watatu nyumba moja hapa Kigoma, mmoja anasafiri kama mwezi hivi. Anasema hachangii umeme wala intaneti kwa sababu hayupo, sisi tunaona si haki. Mnafanyaje huko kwenu?"

Mkuu, mi nimekaa upande zote mbili za hiyo ishu. Kwanza nilisafiri mi wiki tatu kwenda Tabora, narudi nakuta wenzangu wameniwekea theluthi nzima ya umeme, nikagoma, tukanuniana karibu wiki mbili ndani ya nyumba moja, mtu anapika anamaliza anaingia chumbani bila hata karibu. Miezi kadhaa baadae mwalimu tunayekaa naye hapa Mwanga akaenda kwao Kasulu kumuuguza mama yake siku 30, na safari hii tukasema tupige hesabu kabla hajapanda gari.

Kilichotusaidia ni kuugawa umeme mafungu mawili. Kuna umeme unaoliwa hata kama wote mmelala, friji, ruta, taa ya nje. Alafu kuna umeme wa mtu, yaani pasi, jagi la kuchemshia maji, feni ya chumbani kwako, redio. Aliyesafiri anaachana na hilo fungu la pili lote, ila la kwanza anabaki nalo, kwa sababu friji haijui kama yupo au hayupo, na mwalimu aliacha migebuka yake kwenye friji tena mingi tu.

Sasa utajuaje fungu la kwanza ni uniti ngapi? Usikisie, soma mita. Saa nne usiku kila mtu kazima vyake tukaangalia uniti zilizobaki, tukaandika, saa kumi na moja alfajiri kabla mtu hajawasha kitu tukasoma tena. Zilikuwa zimepungua 0.4. Saa saba zimekula 0.4, ukipeleka kwenye saa 24 inakuja kama 1.37. Ila usiku kuna kaubaridi na hakuna anayefungua friji, mchana joto la huku unalijua na mlango unafunguliwa kila saa, so tukakubaliana 1.5 kwa siku. Umeme ukikatika usiku huo jaribio limeharibika, rudieni kesho yake. Na kama namba imekuja kubwa sana zungukeni vyumba kwanza, maana sisi mara ya kwanza tulipata karibu mara mbili ya hiyo, kumbe chumba cha mwenzetu mmoja kilikuwa na feni inazunguka humo ndani na yeye kalala sebuleni.

Siku mwalimu anaondoka tukapiga picha mita ikaingia kwenye grupu letu la wasapu: 6.4. Kila tokeni ikinunuliwa, meseji yake inaingia grupu hilo hilo. Ndani ya siku 30 tulinunua mara tatu, elfu kumi kumi. Ya kwanza ya mwezi ikatoa uniti 23.86, mbili zilizofuata 28.07 kila moja. Hapa ndo watu wanagombana bure, mmoja anaona kanunua sawa na mwenzake ila kapata uniti chache anadhani kaibiwa. Ile ya kwanza imekatwa 1,500 ya kodi ya jengo, inakatwa mara moja kwa mwezi, na mkikaa mwezi bila kununua inajilimbikiza mnakutana nayo mbele. Hiyo itoeni kabisa kwenye hesabu ya umeme. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, sisi tunatunza meseji na anatupunguzia kwenye kodi ya pango. Wa kwenu akikataa basi gawaneni watatu sawa, maana haihusiani na nani kawasha nini.

Mwalimu karudi, mita inasoma 5.4. Zilizokuwepo 6.4, jumlisha 80 tulizonunua, toa 5.4 zilizobaki, tumetumia 81. Fungu la kwanza ni 1.5 mara siku 30, yaani 45, gawa kwa watatu kila mtu 15. Zinabaki 36 ambazo ni zetu wawili tuliokuwepo, 18 kila mmoja. Kwa hiyo mwalimu uniti 15, sisi 33 kila mtu. Hela ya umeme wenyewe ilikuwa 28,500 kwa uniti 80, uniti moja kama 356. Mwalimu akatoa 5,340, sisi 11,750 hivi kila mmoja. Tungegawana sawa angetoa zaidi ya 9,600, na asingetoa kabisa sisi tungebeba kama 14,400 kila mtu. Ukiangalia tofauti yenyewe ni elfu nne mpaka tano, na mi nilinuniana na watu kwa hela hiyo.

Angalieni tu na mita yenu iko kundi gani. Yetu ni ya bei moja. Kuna zile za matumizi madogo, uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kabla ya tozo, mkivuka hapo kila inayozidi ni 350. Kama mnayo hiyo, za bei kubwa msimpe aliyesafiri, nyie mliobaki ndo mmevusha.

Kama angeitoa migebuka yake na kusema friji sitaki, mi ningemtoa kwenye friji bila ubishi. Angebaki na ruta na taa ya nje tu, ambazo kwa pamoja kwetu ni kama 0.3 kwa siku, so uniti 9 kwa mwezi, yake ni 3. Ila aseme kabla ya kuondoka na atoe vitu vyake, sio karudi ndo anakumbuka friji haihitaji. Na nyie mliobaki mkileta mgeni akalala siku kumi, huyo ni wa aliyemleta. Lile fungu la 36 tungeligawa kwa siku za watu, wawili siku 60 jumlisha mgeni 10 ni 70, anayemleta anabeba siku 40, mwenzake siku 30.

Intaneti sasa hapa ndo nina msimamo mkali kidogo. Bando letu ni la mwezi, halina kikomo, 60,000, na bei ile haishuki hata shilingi mtu mmoja akiondoka. Mwalimu alitoa 20,000 yake kamili, kwa sababu lililipwa yeye akiwa bado yupo na alirudi kabla hajakosa mwezi mzima wa bando lililofuata. Sio kama umeme ambao asipokuwepo kweli unapungua. Kama bando lenu ni la jibii hapo ni tofauti, likiisha mapema nyie wawili ndo mmelimaliza, la kuongezea mlinunue nyie. Na akisafiri miezi miwili mitatu, kaeni kabla bando halijaisha muamue mnashuka kifurushi cha chini au mnabeba nyie wawili, ila asije akaambiwa deni akiwa ashashuka kwenye gari na begi mkononi. Mi ndo walinifanyia hivyo niliporudi kutoka Tabora, hata maji ya kunywa sijapewa.

Kwa hiyo leo usiku saa nne someni mita, na mwenzenu awe hapo hapo anaangalia wakati mnaandika.