Barua kwa mwanangu: Waandikie ile elfu hamsini ubaoni

"Shikamoo mama. Ijumaa nimepewa dakika kumi na tano niongee na wanaomaliza kidato cha nne, kuhusu kufungua akaunti ya kwanza na kukwepa mikopo ya haraka. Muda ni mfupi, nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu.

Anza na mkopo, akaunti ifuate. Wengi wao simu wanazo na akaunti hawana, kwa hiyo mkopo utawafikia kabla hawajaukanyaga mlango wa benki.

Chukua chaki uwaandikie yaliyomkuta mdogo wako alipomaliza shule. Aliomba 50,000 kwenye aplikesheni ya simu, akakubaliwa palepale. Zilizoingia ni 35,000. Zile 15,000 zilikatwa juu kwa juu, wakaziita ada ya huduma. Siku ya saba alitakiwa kurudisha 50,000 kamili, naye hana. Aplikesheni ikamletea kitufe cha kuongeza siku saba kwa kulipa 15,000. Akakibonyeza mara tatu. Hapo nyamaza, uwaulize: amelipa ngapi, na anadaiwa ngapi? Amelipa 45,000, na deni bado ni 50,000 ileile, kwa sababu kila alicholipa kilinunua siku tu. Tulipolimaliza, zilikuwa zimetoka 95,000 kwa pesa ya 35,000, na mwezi haujaisha.

Pembeni ya hesabu hiyo andika nyingine. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wenye leseni ya huduma ndogo za fedha kikomo cha riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 35,000 hiyo ni 1,225. Waache waziangalie hizo namba mbili. Lakini waambie pia kwamba wajanja hawaandiki neno riba, wanaandika ada, kwa hiyo swali la kuuliza ni moja: mkononi napokea ngapi, na siku ya mwisho natoa ngapi?

Aibu ilikuja baadaye, na ndiyo iliyoniuma zaidi. Siku alipoiweka ile aplikesheni iliomba ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu, akakubali. Deni lilipochelewa, ujumbe ukaenda kwa shangazi yako, kwa mwalimu wake wa zamani, hadi kwa fundi cherehani: "Mwambie alipe, amekuweka mdhamini." Mimi wangu niliusoma nikiwa kwenye daladala, nikadhani mtoto ameiba. Mkopeshaji hana haja na majina ya ndugu zako ila kwa kazi hiyo. Aplikesheni ya mkopo ikiyaomba, wasiendelee.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Usiwakaririshe majina hayo, maana jina hubadilishwa kwa siku moja. Waelekeze kwenye orodha ya wenye leseni, ipo kwenye tovuti ya Benki Kuu, na asiyekuwemo wasichukue pesa yake. Na kama yupo aliyekwisha kunasa, maana kwenye ukumbi ule hakosekani, amwambie mtu mzima leo. Asikope kwingine ili alipe hapo, na asifute zile jumbe za vitisho, kwa sababu ndizo ushahidi wake akienda polisi au Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Sasa akaunti. Benki au wakala wake atamtaka namba ya NIDA, alama za vidole na laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Wengi wa kidato cha nne hawajatimiza miaka 18, kwa hiyo wafungue akaunti ya mtoto wakiwa na mzazi au mlezi, na wakitimiza waende NIDA mara moja. Wakiwa dirishani wasiione aibu kuuliza kuna makato gani ya mwezi, kutoa pesa ni shilingi ngapi, na salio la chini ni kiasi gani. Kijana anayeweka 2,000 kwa wiki anaweza kukuta makato yameimeza, na hapo ndipo wengi huiacha akaunti ikafa.

Wasitie tu vichwani kwamba akaunti ni ya kuombea mkopo. Mdogo wako alikopa kwa sababu ya nauli na ada ya fomu ya chuo. Angekuwa na 40,000 zimekaa mahali, asingeitafuta ile aplikesheni kabisa. Wape kiasi hicho kama lengo la kwanza, kinahesabika kwa miezi mitano ya zile 2,000.

Nimemuomba mdogo wako ruhusa, amekubali. Nakutumia picha za jumbe zile kutoka kwenye simu yake, pamoja na ule wa kwanza unaosema zimeingia 35,000. Funika jina na namba yake kabla hujawaonesha.

Mama yako