Re: Viwango vya uchanganuzi wa lugha, semesta ya kwanza

"Jamani, fonolojia na mofolojia nachanganya kila mtihani, nisomeje?"

Mambo mwenzangu. Mimi ilinikaa nilipoacha kukariri fasili, nikachukua sentensi moja nikapanda nayo viwango kuanzia chini. Chukua "Nyumba zile ndefu zimeuzwa". Anza na ndefu: mzizi ni -refu, si unasema mti mrefu? Sasa n- ikikutana na r au l, hiyo r au l inageuka d, ndo ulimi pia unakuwa ndimi. Hapo swali ni kwa nini sauti imebadilika, hiyo fonolojia. Ukiuliza hiyo n- inafanya kazi gani, ushahamia mofolojia, ni kiambishi cha ngeli. Wengi wanakwama hapahapa kwa sababu neno ni lilelile ila swali ni tofauti, kwa hiyo cheki swali kwanza.

Zimeuzwa ikate zi-me-uz-w-a. Hiyo zi- kulingana na nyumba ni sintaksia, jaribu "nyumba kimeuzwa" uone inavyovunjika. Semantiki: nyumba ndizo zilizouzwa, muuzaji hatajwi. Halafu usemi, "zile" zipi? Kama hazionekani mnapoongelea, rudi kwenye maongezi ya nyuma, sentensi pekee haikwambii.