Kuposti kutoka Busia kwa bando dogo: pima uzito wa video kabla ya kuiachia

Ninasimamia kurasa za mama mmoja anayeuza vitenge hapa Busia, upande wa Uganda. Kila wiki tunaweka video tatu za dakika moja TikTok, picha kadhaa Instagram na Status za WhatsApp. Kazi yote inafanyika kwenye simu moja, kwa bando la GB 1 la wiki. Wenzangu wengi wana bando kama hilo na linakata siku ya tatu, halafu wanalaumu mtandao. Mtandao una lawama zake, lakini data nyingi inapotelea mahali ambapo mtu haangalii: uzito wa faili lenyewe.

Simu nyingi za kawaida zikirekodi kwa 1080p, dakika moja ya video hufika MB 120 hivi. Hesabu haina ugumu. Ubora wa video hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, na megabiti 8 ndizo MB 1. Ukiitoa video hiyo hiyo kwa 720p, kwa megabiti 2 kwa sekunde, unapata megabiti 120 kwa dakika, yaani MB 15. Ongeza sauti, iwe MB 16. Kwa hiyo video zetu tatu za wiki zinakula MB 48 badala ya 360. Bando ni lile lile, ila sasa linabaki la kujibu wateja, na biashara iko kwenye kujibu. Kumbuka pia kwamba tangu Julai 2021, ilipoondolewa ile kodi ya mitandao ya kijamii, OTT, ya Sh200 kwa siku, data yenyewe inatozwa kodi ya asilimia 12. Imo ndani ya bei ya bando, kwa hiyo kila MB inayopotea umeshailipia kodi.

Muda nao ni muhimu kama uzito. Tuseme mtandao unapandisha kwa nusu megabiti kwa sekunde, kasi ya kawaida hapa mchana. Faili la MB 16 litachukua dakika nne na kidogo. La MB 120 litachukua zaidi ya nusu saa, na nusu saa bila mtandao kukatika Busia ni bahati. Ukikatika katikati, kuna app zinazoendelea pale zilipofikia na kuna zinazoanza upya. Inayoanza upya inakulipisha mara mbili kwa video moja. Ukitaka kujua yako ni ya aina gani, fungua sehemu ya matumizi ya data kwenye Settings, soma namba ya app hiyo kabla ya kupandisha na baada yake. Kama video ya MB 16 imekula MB 40, umepata jibu.

Kwa hiyo mimi huhariri data ikiwa imezimwa kabisa. Kukata vipande, kupanga na kuandika bei juu ya picha hakuhitaji mtandao. CapCut inafanya hayo ikiwa fonti unayoitumia ilishashuka kwenye simu. Wakati wa kutoa video nachagua 720p na fremu 30. Nikimaliza nafungua taarifa za faili kwenye galari na kusoma uzito wake. Likizidi MB 20, narudi kupunguza. Kisha naangalia mipangilio ya app yenyewe: TikTok ina Allow high-quality uploads na Instagram ina Upload at highest quality. Zote mbili nazizima.

Watu huuliza kama kitenge hakitaonekana kibaya. Kitaonekana kibaya ukitikisa simu. Video ndogo huhifadhi zaidi kile kinachobadilika kutoka fremu moja hadi nyingine. Simu ikiyumba, kila ua la kitenge linabadilika mahali, na maua yanageuka vibonge vya rangi. Simu ikitulia juu ya meza, mama akageuza kitambaa polepole, MB 15 zinatosha na rangi inabaki. Mchoro wa karibu siuweki kwenye video. Nauweka kwenye picha, iliyopunguzwa hadi pikseli 1600 upande mrefu. Picha ya MB 4 inashuka hadi karibu KB 300 na mteja bado anaona uzi.

Sasa kupandisha. Usiamini mistari ya mtandao kwenye kioo, kwa sababu inaonyesha nguvu ya mnara tu, haionyeshi msongamano. Mimi natuma kwanza picha moja ya KB 300 kwa WhatsApp. Ikipata tiki ndani ya sekunde tano, kasi ni kama nusu megabiti na naendelea. Ile saa ndogo ikiganda, naacha. Alfajiri, saa kumi na moja hivi, njia huwa nyeupe. Lakini wateja wa vitenge wako macho saa mbili usiku, kwa hiyo pale ambapo app inaruhusu kupanga saa ya kutoka, kama YouTube Studio na Meta Business Suite, napandisha alfajiri na kuacha itoke jioni. Faili likishafika kwao, simu yangu inaweza hata kuzima.

Kupiga simu kunakata kazi. Kwenye simu nyingi za laini mbili, ukipokea simu kwenye laini moja, data ya laini nyingine inasimama. Hii ndiyo sababu nyingine ya alfajiri: mama hapigi saa hizo.

VPN nayo izingatie. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na wengi wakazoea kuifikia kwa VPN, kisha wanaiacha ikiwaka siku nzima. VPN inaongeza uzito kidogo kwa kila kitu kinachopita. Zaidi ya hapo, kama umenunua bando la mitandao ya kijamii tu, kampuni ya simu haioni tena kwamba unatumia TikTok au WhatsApp, na data inakatwa kwenye bando lako kuu. Iwashe kwa Facebook, ukimaliza izime kabla ya kugusa kingine.

Halafu usiingie TikTok kwa mlango wa mbele. Ukiifungua, video za watu zinaanza kucheza zenyewe, na dakika chache zinaweza kula kuliko posti yako. Fungua galari, chagua video, bonyeza Share, kisha TikTok. Mara nyingi unafika moja kwa moja kwenye ukurasa wa kuhariri. Posti ikitoka, funga app. Washa Data Saver ya Android na uiruhusu WhatsApp peke yake, ili maswali ya bei yafike bila app nyingine kunywa data nyuma ya pazia.

Kwa sisi wa mpakani kuna jambo moja zaidi. Karibu na geti, simu hushika minara ya Kenya. Unaona mtandao umejaa lakini hakuna kinachopanda, au salio linayeyuka kwa bei ya romingi huku bando likikaa bila kuguswa. Zima Data roaming, kisha kwenye Network operators ondoa uchaguzi wa moja kwa moja na uchague kampuni yako ya Uganda kwa mkono. Ukisafiri kwenda Tororo au Kampala irudishe, maana simu iliyofungwa kwenye kampuni moja huchelewa kuupata mtandao wake tena ukipotea njiani.

Na kazi zilizo kwenye Drafts za TikTok ziko ndani ya simu yako tu. Ukiifuta app ili upate nafasi, zinafutika nazo. Video iliyokamilika iweke kwenye galari, na nakala nyingine kwenye kadi ya kumbukumbu.