Bastola inajikokije? Blobeki, shoti rikoili na gesi

Swali: "Wakuu, nasoma kuhusu bastola na bunduki zinazojikoki zenyewe, nakutana na blobeki, shoti rikoili na gesi. Zote si zinarudi nyuma tu? Mnieleweshe kama mtoto."

Mkuu, nilifanya kazi miaka kadhaa ghala la silaha kama fundi, nikawa namuuliza kila kuruta swali moja: ganda la risasi linaruhusiwa kutoka lini? Risasi ikiwa bado ndani ya mtutu, presha ni kubwa mno. Chemba, yaani nyuma ya mtutu pale risasi inapokaa, ikifunguka mapema, ganda linapasuka usoni pako.

Blobeki haina kufuli lolote. Inategemea uzito. Chukua bastola ya Makarov: kichwa cha risasi gramu 6, tuseme slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, ni gramu 300, yaani mara 50. Kichwa kinasafiri kama milimita 75 mpaka mdomoni mwa mtutu. Gawanya kwa 50, slaidi imesogea milimita 1 na nusu tu. Ganda bado limo chemba. Mtutu wenyewe hausogei, umekazwa kwenye fremu.

Sasa fanya hesabu hiyo kwa bunduki ya SKS, ile wengi waliopita JKT wanaiita SAR. Kichwa gramu 8, safari karibu milimita 480. Ukitaka bolti, kile chuma kinachoziba chemba kwa nyuma, nayo isogee milimita 1 na nusu, iwe na uzito wa kilo 2 na nusu, wakati bunduki nzima haifiki kilo 4! Ndiyo maana bolti yake inafungwa kwa kufuli. Mtutu una kitundu kwa juu. Risasi ikishakipita, gesi kidogo inapanda, inasukuma pistoni, pistoni inasukuma kibeba bolti, nacho kinanyanyua mkia wa bolti kutoka kwenye kufuli. Muda huo risasi imeshatoka. AK nayo ni ya gesi, ila bolti yake inazunguka.

Shoti rikoili ni ya bastola zenye risasi kali kidogo, kama Glock 17 au Browning Hi-Power. Mtutu na slaidi vimeshikana, vinarudi pamoja milimita chache, kisha nyuma ya mtutu inashuka, slaidi inaendelea peke yake. Ukiona bastola tupu imevutwa slaidi na mdomo wa mtutu umeinuka, ni hiyo. Makarov mtutu unabaki umenyooka.

Kila moja ina ugonjwa wake. Shoti rikoili inataka fremu ishikwe imara: mkono ukilegea, fremu inarudi pamoja na slaidi na ganda linabanwa mlangoni. Ya gesi inaugua masizi. Kuna SAR moja ililetwa kwangu, kila risasi ganda linatoka nusu, wakasema springi. Nikafungua silinda ya gesi, pistoni imeganda kwa masizi na kutu, haisogei hata kwa kidole. Springi ilikuwa nzima kabisa.